Kwa nini kampuni ya Dar haiitambui namba yako ya China

Swali: “Habari kaka. Niliagiza vipuri vya cherehani kutoka China, namba yangu inaanza na LP. Leo siku ya 17 imeganda pale pale, ‘Departed from departure country/region’. Muuzaji kila siku ananiambia nisubiri. Nimepiga simu kampuni inayoleta vifurushi hapa nchini, wanasema namba hiyo hawaitambui. Mwenzangu tuliyeagiza naye siku moja ameshapata zake. Mzigo umepotea, au kuna mtu ananidanganya?” (Msomaji, Mwanza)

Nzuri dada. Nianze na hilo la kampuni ya hapa, maana ndilo lililokutia hofu kuliko yote na ndilo jepesi kulieleza. Namba yako hawaitambui kwa sababu si yao. LP ikifuatiwa na msururu mrefu wa tarakimu, bila herufi mbili za nchi mwishoni, ni namba ya ndani ya Cainiao, ule mtandao wa usafirishaji wa Alibaba. Ichukulie kama namba ya faili lako la hospitali. Pale ulipofunguliwa faili inatoa historia yako yote, ukiipeleka hospitali ya pili mhudumu anakutazama tu. Kampuni itakayokufikishia mzigo ina namba zake, na mpaka mtu aziunganishe hizo mbili, ukiuliza kwa LP utajibiwa hivyo hivyo hata kama boksi lako liko nyuma ya kiti cha huyo anayepokea simu.

Sasa huo ukimya wa siku 17. Nimekaa miaka kadhaa kwenye ghala la kupokelea vifurushi, Dar es Salaam, si mbali na uwanja wa ndege, na watu wengi hudhani mzigo ukinyamaza maana yake hakuna anayejua ulipo. Kumbe mara nyingi mzigo unajulikana ulipo, ila kwa jina jingine. Wewe unafuatilia kifurushi, lakini tangu kilipotoka ghala la Guangzhou au Shenzhen hakuna anayeshughulika na kifurushi. Wanashughulika na mfuko.

Kule China kifurushi chako kiliskaniwa mara ya mwisho kikitumbukizwa kwenye mfuko mkubwa pamoja na vingine kama thelathini hivi. Mfuko ukafungwa kwa kamba ya plastiki, ukabandikwa lebo yake. Mifuko kadhaa ikakusanywa chini ya hati moja ya ndege, ile ambayo watu wa kago wanaiita master. Hati hiyo ina namba ya tarakimu 11: tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, kwa mfano 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian na 706 ni Kenya Airways, halafu nane zinazofuata ni za shehena yenyewe. Kuanzia hapo shirika la ndege halina habari na dada wa Mwanza wala vipuri vyake. Linajua limepokea, tuseme, mifuko 40 yenye jumla ya kilo 612 ya kupeleka Dar. Mfanyakazi wa uwanjani Dubai au Addis hana barkodi yako ya kuskani, kwa sababu imo ndani ya mfuko, na mfuko umefungwa. Haruhusiwi kuufungua.

Kwa hiyo ule mstari unaouona umeganda uliandikwa na mtu wa China aliyeagana na mzigo. Mstari unaofuata lazima uandikwe na mtu wa Dar atakayekata ile kamba. Katikati yao mzigo unapita mikononi mwa watu wengi tu, na wote wanatia saini ya idadi ya mifuko. Hata dhamana inakwenda hivyo hivyo: aliyetia saini kwamba amepokea mifuko 40 anawajibika kwa mifuko 40, si kwa vilivyomo. Ukipiga simu wakati huo kuuliza kifurushi kimoja, unamuuliza mtu swali ambalo kazi yake haina jibu lake.

Njia ya Posta nayo iko hivyo, nikuambie kwa kifupi kwa sababu wengi huchanganya. Namba ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kama CN. Ikifika ‘Departed outward office of exchange’ inanyamaza mpaka mfuko ufunguliwe kwenye ofisi ya posta ya upande wa pili inayopokea mifuko ya nje. Tofauti ni kwamba huko namba ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, nchi zote wanachama wa Umoja wa Posta Duniani zinaitambua kwa mpangilio mmoja. Wewe uko kwenye njia ya kampuni binafsi, na huko kila mmoja ana daftari lake.

Nikupe kisa kimoja nilichokishuhudia mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kinachoweza kuwa kimeusibu mzigo wako, pamoja na jibu la kwa nini mwenzako amepata na wewe bado.

Ilikuwa shehena ya mifuko 40, hizo kilo 612 nilizozitaja, ndani yake vifurushi 1,180. Ilipitia Dubai. Kwenye ukurasa wa shirika la ndege, mizigo haiandikiwi maneno bali vifupisho. RCS maana yake shirika limeupokea kutoka kwa mtumaji. DEP, umeondoka. ARR, ndege imefika. RCF, umeshushwa na kuhesabiwa ghalani. NFD, mwenye hati amearifiwa. DLV, umekabidhiwa. Siku ya kwanza tukaona RCF Dar, tukafurahi, mpaka kijana mmoja akaangalia idadi pembeni: vipande 29 kati ya 40. Ndege haikuwa na nafasi, wakaacha mifuko 11 Dubai. Hilo ni jambo la kila wiki kwenye usafiri wa anga na halimshtui mtu, ila wakala wa forodha akaona hakuna maana kutoa shehena nusu nusu, akasubiri hati ikamilike. Mifuko 11 ikaja siku tatu baadaye. Kwa siku zote hizo tatu, watu 1,180 walikuwa wanaona mstari uleule unaouona wewe.

Ikaja forodha. Huko shehena inashughulikiwa kwa hati na orodha ya vilivyomo. Maofisa wakitilia shaka baadhi ya vitu wanaomba mfuko ufunguliwe, na shehena nzima inaweza kukaa kwa ajili ya boksi moja la mtu mwingine kabisa. Safari hiyo ilikuwa drone mbili, ambazo huku kwetu zinataka kibali. Vipuri vya cherehani havina neno, lakini vikiwa shehena moja na drone, vinalala nazo.

Forodha ilipoachia, shirika la ndege likaandika DLV. Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu kuna watu huambiwa namba ya master na muuzaji, wakaingia mtandaoni, wakakuta DLV wakaanza kulia kwamba mzigo wao kapewa mtu mwingine. DLV ya shirika la ndege maana yake wakala ameondoka na mifuko kwa gari. Wewe bado kabisa.

Gari likafika kwenye ghala letu jioni. Hapa ndipo makabidhiano yenyewe yanapofanyika, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kitu kidogo sana kinaweza kunyamazisha mamia ya vifurushi. Vijana wanakata kamba, wanamwaga mfuko juu ya meza, mmoja anashika skana. Kila kifurushi kinachoskaniwa, kompyuta inatafuta namba yake kwenye orodha iliyotangulia kutumwa na watu wa China. Ikiikuta, inalia mlio mfupi, printa inatoa lebo yetu yenye namba yetu, simu ya mteja na mkoa. Wakati uleule ujumbe unarudi China, na kwako unatokea mstari ‘Received by local delivery company’. Isipoikuta, inalia mlio mrefu wa kukera na skrini inakuwa nyekundu. Kifurushi kinatupwa kwenye kreti la pembeni, tulilokuwa tunaliita kreti la mayatima.

Usiku ule mayatima walijaa makreti sita. Vifurushi 340 vilikataa, 840 vilipita. Vyote vilikuwa vya shehena moja, orodha moja, na hakuna kilichopotea hata kimoja. Tulidhani China wametuma orodha pungufu. Tukawaandikia, wakajibu kwamba orodha imekamilika, majina 1,180. Tukahesabu mistari, kweli ni 1,180. Siku nne vifurushi vile vilikaa pale chini ya feni, watu wanapiga simu, sisi tunajibu kama ulivyojibiwa wewe: namba hiyo hatuitambui. Wala hatukuwa tunasema uongo.

Aliyegundua ni dada wa mapokezi ambaye hata kazi ya orodha haikuwa yake. Alikuwa na mteja kwenye simu anamsomea namba tarakimu kwa tarakimu, naye anaifuata kwenye skrini. Mteja akasoma 420918273645128307. Yeye akaona 420918273645128000. Akashuka mstari wa chini, nayo inaishia 000. Na wa chini yake. Akatuita.

Orodha ilikuja kama faili, mtu wetu akaifungua kwa Excel, akaangalia, akaihifadhi, ndipo akaiingiza kwenye mfumo. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni namba ya hesabu, na kwenye hesabu inakumbuka tarakimu 15 tu. Kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Namba za tarakimu 18 zikapoteza tatu za mwisho, na zile zilizofuatana zikawa zinafanana kabisa. Namba zenye herufi mwanzoni, kama LP, Excel iliziona ni maneno, ikaziacha salama. Zile 840 zilikuwa na herufi. Zile 340 zilikuwa tarakimu tupu. Dawa yake ilichukua dakika kumi: kuomba faili upya, kuiingiza safu ile ya namba ikiwa imewekwa Text, kisha kuskani mayatima tena. Siku nne kwa kazi ya dakika kumi, na ukinitazama usoni siku ile ungedhani nimeiba mimi.

Utaniambia namba yako ina LP, kwa hiyo isingeharibika. Kwenye programu unaona LP, sawa, lakini lebo iliyobandikwa kwenye kifurushi mara nyingi ina namba ya pili, na hiyo ndiyo skana inayoisoma. Mwenzako aliyeagiza siku moja nawe huenda aliagiza kwa muuzaji mwingine, kifurushi chake kikaingia mfuko mwingine, au kikapewa lebo ya aina nyingine. Kuagiza siku moja hakufanyi mizigo miwili iwe ndugu. Kilichowafanya ndugu ni mfuko.

Excel ile ile ina dhambi ya pili, nayo inawagusa watu wa mikoani zaidi. Huku kwetu anwani ya kweli ni namba ya simu. Hakuna bodaboda anayetafuta nyumba kwa jina la mtaa, anapiga simu anaulizia mti, duka la dawa, msikiti. Namba iliyoandikwa 0754 na kuendelea, ikipita kwenye Excel inakuja 754, sifuri imeliwa. Hiyo mtu mzoefu anairudisha. Mbaya ni pale mteja alipojaza 0754 kwenye fomu ambayo tayari imeweka 255 mbele, ikatoka 2550754 na zinazofuata. Simu hiyo haiiti popote. Mtu wa usambazaji anajaribu mara mbili, anaandika hajapatikana, na boksi linarudi rafu ya nyuma. Kwa mteja hakuna ujumbe, hakuna missed call, hakuna kitu. Hebu kaangalie umejaza nini.

Halafu uko Mwanza, kwa hiyo jiandae na ukimya wa pili hata huu wa kwanza ukiisha. Kampuni nyingi za Dar hazina gari lao la kwenda Kanda ya Ziwa kila siku. Vifurushi vya Mwanza vinakusanywa, vinafungwa kwenye furushi moja la sandarusi, vinapelekwa stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis kupandishwa basi. Konda au karani wa basi anaandika risiti kwa kalamu: furushi moja, Mwanza, simu ya mpokeaji. Mpokeaji huyo ni wakala wao wa Nyegezi, wewe hapo haupo. Tumerudi kule kule kwa mfuko wa Guangzhou: furushi moja lenye vitu vya watu arobaini, na hati inayotaja furushi. Basi halina skana. Mpaka wakala wa Mwanza afungue sandarusi na kuingiza vifurushi kimoja kimoja, mfumo utaendelea kusema kimeondoka Dar. Nimeona wakala aliyekuwa anaingiza kila kitu Jumamosi tu, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa na mtoto wa dada yake wa kumsaidia na kompyuta.

Sasa yako. Kwa mstari ulioganda hapo ulipoganda, mzigo wako kwa uwezekano mkubwa uko katika sehemu moja kati ya hizi: umebaki njiani na sehemu ya mifuko, uko forodha, au umeshafika ghala la Dar na umelala na mayatima. Ungekuwa forodha kwa utaratibu wa kawaida, mara nyingi ungeona ‘Import customs clearance started’, lakini mstari huo nao huandikwa na wakala, na wakala mwenye kazi nyingi huruka. Usiutegemee sana. Hata ‘Received by local delivery company’ usiusherehekee mpaka uangalie una saa na mahali. Kuna mifumo inayouandika pale tu orodha inapotumwa kwa kompyuta, boksi likiwa bado angani. Ukiingia kwa namba ya kampuni ya hapa ukakuta wameandika kitu kama ‘Shipment information received’ na hakuna kingine, wanayo karatasi tu.

Acha kumuuliza muuzaji mzigo uko wapi, hajui. Mwombe vitu vitatu anavyoweza kuvipata kwa ujumbe mmoja kwa kago wake: namba iliyo kwenye lebo ya kifurushi chenyewe, jina la kampuni iliyokabidhiwa hapa Tanzania, na namba ya hati ya ndege. Wauzaji wa maduka makubwa ya mtandaoni hiyo ya tatu mara nyingi hawaipati, lakini kama ulipitia kago wa Guangzhou unayezungumza naye WhatsApp, anayo, mbane. Ukiipata, ingia ukurasa wa mizigo wa shirika lenye tarakimu tatu hizo za mwanzo. Tazama vifupisho, na tazama idadi ya vipande pembeni yake kuliko unavyotazama tarehe. Idadi pungufu inakuambia usubiri ndege ijayo. NFD bila DLV kwa siku nyingi inakuambia wakala amekwama forodha au hajalipa. DLV ikiwa imepita siku tatu nne na kwako bado kimya, tatizo liko ghalani, na hapo simu yako ina kazi ya kufanya.

Ukipiga simu ghalani usiulize namba imefika wapi. Yule wa mapokezi ataingiza LP, ataona hakuna kitu, na mmemaliza. Mwambie: “Nina mzigo kwenye shehena ya hati fulani, namba ya lebo ni hii, naomba mniangalizie kwenye visivyotambulika.” Kila ghala lina kreti hilo, jina ndilo linatofautiana. Mwombe pia akutafute kwa simu yako, tarakimu sita za mwisho tu, kwa sababu mwanzo wa namba ndiko makosa yaliko na mwisho huwa salama. Mimi nimetoa vifurushi vingi kwa tarakimu sita kuliko kwa namba ndefu.

Na jambo moja lisilohusiana na ghala: kwenye agizo lako kuna saa inayohesabu siku za kinga ya mnunuzi kurudi nyuma. Hiyo haijali drone wala Excel. Muuzaji anayekuambia usubiri kila siku anaweza kuwa mwema, au anaweza kuwa anaisubiri hiyo saa iishe. Zikibaki siku tano na hujapata hata namba ya lebo, fungua malalamiko hapo hapo. Mzigo ukija baadaye, utayafunga mwenyewe.

Ukishapata namba ya lebo, nitumie idadi ya tarakimu zake na kama ina herufi mwanzoni. Zikiwa zaidi ya 15 na hakuna herufi, nitakuambia cha kumwambia kijana wa orodha.